Walijuaje kama sijaisoma? Picha isiyoonekana ndani ya barua za matangazo

Juma hili tunaanza na neno la mwenzetu mmoja. Ametupa ruhusa ya kulieleza bila kutaja jina lake.

Mwaka uliopita alikuwa na mimba. Dada yake anayeishi Ulaya alimwonyesha duka moja la kule linalouza vitu vya watoto wachanga kwa njia ya mtandao. Akajiandikisha: akaandika barua-pepe yake na tarehe aliyotazamia kuzaa. Kuanzia hapo duka likawa linamtumia barua kila juma. Barua ilisema mtoto sasa amefikia ukubwa gani, na chini yake kulikuwa picha za vitanda vidogo, chupa na nguo.

Katika mwezi wa tano mimba ikatoka. Barua hazikukoma. Kila juma ziliendelea kuhesabu umri wa mtoto ambaye hakuwepo tena. Mama yetu alizifungua zote, moja kwa moja, akitafuta mahali pa kuzizuia, na mara nyingi alifunga kabla ya kufika chini kwa sababu ya picha. Kisha akachoka, akaamua asizifungue tena. Majuma matatu yakapita. Ndipo ikaja barua yenye kichwa hiki: “Tumekukosa! Hujasoma habari zetu za mwisho.”

Alituletea telefone yake kwenye kikao akitetemeka. Swali lake lilikuwa moja tu: walijuaje kama sijazisoma? Mmoja wetu alisema ni mtu aliyeingia ndani ya telefone. Mwingine akasema labda kuna anayemchungulia nyumbani. Hata ndani ya familia neno lilikuwa limeanza kuleta mashaka, kwa kuwa watoto wa shemeji yake hushika telefone hiyo jioni. Tukaona tusikisie. Tukamwita binti wa mwenzetu mmoja, anayesomea mambo ya kompyuta, aje atuonyeshe.

Tuliyoyaona ndani ya barua

Binti huyo alifungua barua ile kwenye kompyuta, si kwenye telefone. Katika Gmail ya kompyuta kuna nukta tatu pembeni mwa barua. Ukizibonyeza unapata maneno `Show original`, au kwa Kifaransa `Afficher l'original`. Hapo barua haionekani tena kama ilivyopambwa. Unaona maandishi yote yaliyoitengeneza. Ni marefu na yanachosha macho. Lakini karibu na mwisho alituonyesha mstari mmoja wa namna hii (jina la duka tumelibadilisha):

```
<img src="https://img.duka.example/o/7f3a9c21.gif" width="1" height="1">
```

Maana yake ni rahisi. `img` ni picha. `width="1" height="1"` ni upana na urefu wake: nukta moja kwa nukta moja. Nukta hiyo huitwa pikseli, nayo ni kipande kidogo kuliko vyote ambacho kioo cha telefone kinaweza kuonyesha. Tena picha hiyo haina rangi. Hata ukikaza macho hutaiona kamwe. Haikuwekwa pale ili ionekane.

Kazi yake iko katika maandishi `7f3a9c21`. Kwa bahati, mwenzetu mwingine naye alikuwa amejiandikisha katika duka lile lile, na juma lile alipokea barua iyo hiyo. Tukafungua barua yake kwa njia ile ile. Maneno yalikuwa sawa, vitanda vilikuwa sawa, bei zilikuwa sawa. Mstari wa picha isiyoonekana tu ndio uliotofautiana:

```
<img src="https://img.duka.example/o/7f3a9c58.gif" width="1" height="1">
```

Mmoja alikuwa na 21 mwishoni, mwingine 58. Kila mama amepewa namba yake. Huko dukani kuna orodha inayosema namba hii ni ya barua-pepe ya nani.

Namna inavyofanya kazi

Wengi wetu tunafikiri picha iliyo ndani ya barua imekuja pamoja na barua, kama vile picha iliyotiwa katika bahasha. Sivyo. Katika barua nyingi za matangazo picha hazimo. Mna anwani tu ya mahali zilipowekwa. Unapofungua barua, telefone yako inatoka yenyewe kwenda kuziomba kwenye kompyuta ya muuzaji, na hiyo inazirudisha.

Fikiri unapika, na chumvi imekwisha. Unamtuma mtoto kwa jirani: “Nenda uniombee chumvi.” Jirani anatoa chumvi, lakini papo hapo amejua mambo kadhaa bila kukuuliza. Amejua upo nyumbani, amejua saa unayopika, na kwa kumtazama mtoto amejua ametoka nyumba gani. Barua ya matangazo inamtuma mtoto wako kwa jirani bila wewe kujua. Chumvi anayoileta ni ile picha isiyoonekana, isiyo na faida yoyote katika chungu chako. Faida yote ni ya jirani, aliyepata kujua.

Kule kwenye kompyuta ya muuzaji kila ombi linaandikwa katika daftari lake. Mstari mmoja wa daftari hilo unaweza kufanana na huu:

```
14/03  02:11:40  192.0.2.17  /o/7f3a9c21.gif  Android
```

Tarehe, saa, namba ya mtandao uliotumika, namba ya mama, na aina ya telefone. Ndiyo yote. Kila ukifungua barua tena, mstari mwingine unaweza kuongezwa. Na usipoifungua, hakuna mstari. Hapo mwenzetu alipata jibu lake. Walijua hajasoma kwa sababu daftari lilikaa kimya majuma matatu. Mashine ilipangwa hivi: mtu akikaa kimya muda fulani, atumiwe barua ya “Tumekukosa”. Hakuna mtu aliyemchungulia, wala watoto wa shemeji hawakufanya kosa lolote.

Lakini saa ile iliyoandikwa katika mfano, 02:11, yaani saa 8 ya usiku, ilimgusa. Alituambia kwamba katika majuma yale hakuwa anapata usingizi, na barua alizifungua usiku. Baadaye zikaanza kufika usiku vilevile. Binti akatueleza kwamba mashine nyingi za kutuma matangazo zina uwezo huo: zinatazama saa ambazo mtu huwa anafungua barua, kisha zinamtumia saa hizo hizo, ili ikute macho yake wazi. Vilevile mtu anayefungua kila barua anawekwa katika orodha ya wenye hamu, na hao ndio wanaotumiwa zaidi. Yeye alikuwa akifungua ili azizuie. Daftari haliwezi kujua tofauti. Linaandika kwamba barua imefunguliwa. Haliandiki kwamba aliyeifungua analia.

Isichoweza kufanya

Ni vizuri tujue mipaka yake, ili tusiogope kisichokuwapo. Picha hiyo haisomi ujumbe wako mwingine. Haisikilizi sauti, haichukui picha zako, wala haioni majina ya watu uliowahifadhi. Haikumwambia mwenye duka kwamba mama ana mimba. Hilo aliliandika mwenyewe siku ya kujiandikisha. Haikai ndani ya telefone kama ugonjwa. Inaombwa, inajibiwa, basi.

Tena inategemea unasoma barua wapi. Wenye Gmail, ambao ndio wengi kati yetu, wana kinga ya nusu. Tangu Desemba 2013, Gmail haimtumi mtoto wako moja kwa moja kwa muuzaji. Kompyuta za Google zinakwenda kuomba picha kwa niaba yako. Kwa hiyo muuzaji haoni namba ya mtandao wako, ambayo ingeweza kumwonyesha nchi yako na pengine mji, wala haoni vizuri aina ya telefone yako. Ila anaendelea kuona kwamba barua yenye namba yako imefunguliwa, na saa yake. Ndiyo sababu mwenzetu, ingawa anatumia Gmail, alijulikana usiku wake.

Wenye telefone za Apple wanaosoma barua kwa programu yake ya Mail wana kinga ya namna nyingine tangu Septemba 2021. Ukikubali kinga hiyo, inayoitwa `Protect Mail Activity`, Apple inaomba picha zote za barua zote, hata zile usizozifungua, kwa kupitia kompyuta za katikati. Daftari la muuzaji linajaa mistari, lakini halijui tena nani amesoma kweli na nani hajasoma.

Tufanye nini

Jambo la kwanza na la maana kuliko yote ni kuzuia picha zisiombwe mpaka wewe useme. Mtoto asitoke nyumbani bila ruhusa ya mama. Katika Gmail ya telefone fanya hivi. Fungua Gmail, bonyeza mistari mitatu iliyo juu pembeni, shuka mpaka kwenye `Settings`, au `Paramètres` kama telefone yako iko katika Kifaransa. Bonyeza barua-pepe yako. Shuka tena utafute neno `Images`. Hapo una njia mbili: kuonyesha picha siku zote, au kuuliza kwanza. Chagua ile ya kuuliza, inayoanza kwa `Ask`, au kwa Kifaransa `Demander`. Kama una barua-pepe mbili katika telefone moja, ufanye hivyo kwa kila moja.

Utajuaje kama imekubali? Fungua barua yoyote ya matangazo uliyopokea baada ya kubadilisha. Badala ya picha utaona nafasi tupu, na juu yake maneno yanayokuuliza kama unataka zionyeshwe. Usipobonyeza, maandishi unayasoma, na daftari la muuzaji linabaki kimya. Ukibonyeza, picha zote zinaombwa pamoja, na ile isiyoonekana imo kati yao. Huwezi kuchagua kitanda na kuiacha pikseli. Tena pikseli haikosi ndugu: hata picha ya kawaida, kama alama ya duka, inaweza kupewa namba yako na kufanya kazi ile ile. Kwa hiyo usihangaike kuitafuta katika kila barua. Zuia zote, ufungulie tu barua za watu unaowajua.

Njia hii ina faida ya pili ambayo wamama wa kikao waliipenda mara moja. Pikseli yenyewe ni nyepesi sana, haifiki hata herufi mia moja kwa uzito. Lakini picha kubwa za vitanda na nguo zinakula mega. Zikizuiwa, mega zinabaki.

Jambo la pili ni kujua kwamba kuzuia picha hakuzuii kila kitu. Vile vitufe vya “Nunua sasa” na “Ona zaidi” navyo vimetiwa namba yako. Ukibonyeza, muuzaji anajua, hata kama picha zilizuiwa. Ukitaka kuona bei za duka bila kujulisha mtu, usipitie katika barua. Andika mwenyewe jina la duka katika mtandao.

Jambo la tatu ni kujiondoa, na hapa tuwe waangalifu. Kama barua inatoka kwa duka ulilojiandikisha mwenyewe, jiondoe bila hofu. Tena huhitaji kushuka mpaka chini kupitia picha zote. Tangu 2024, Google na Yahoo wanawadai wanaotuma barua za matangazo kwa wingi waweke njia ya kujiondoa kwa mguso mmoja, na ombi lako litimizwe katika muda wa siku 2. Katika Gmail itafute juu ya barua, karibu na jina la aliyetuma, au ndani ya zile nukta tatu: `Unsubscribe`, au kwa Kifaransa `Se désabonner`.

Lakini kama barua inatoka kwa mtu usiyemjua kabisa, anayekuahidi zawadi au kazi, usibonyeze kitu chochote ndani yake, hata maneno ya kujiondoa. Kwa watu wa namna hiyo, kubonyeza ni kuwaambia kwamba barua-pepe hii ina mtu na mtu huyo anasoma. Iweke katika taka kwa neno `Spam`, na uishie hapo.

Jambo la nne ni kwa wale ambao habari zao zimebaki mahali na zinawaumiza. Kujiondoa kunazuia barua, lakini tarehe ya kuzaa aliyoiandika mwenzetu ilikuwa bado katika daftari la duka. Duka liko Ulaya, na kule kuna sheria ya kulinda habari za watu iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Sheria hiyo inalifunga duka lililoko kule hata kama mteja anaishi hapa kwetu. Inampa mtu haki ya kuomba habari zake zifutwe, na duka linapaswa kumjibu kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja. Tukamsaidia kuandika mistari mitatu kwa Kifaransa: mimi ni fulani, barua-pepe yangu ni hii, naomba mfute habari zangu zote pamoja na tarehe ya kuzaa, na mnijulishe mkisha kufanya hivyo. Hakueleza sababu. Halazimiki kuieleza.

Tukajitazama sisi wenyewe

Kabla binti hajaondoka, mmoja wetu aliuliza jambo ambalo hatukulitazamia: na sisi je? Kwa maana barua yetu ya kila mwezi kwa marafiki walio mbali tunaituma kupitia huduma moja ya mtandao, na kila mara huduma hiyo hutuonyesha ni wangapi wameifungua. Tulikuwa tunafurahia hesabu hiyo bila kujiuliza inatoka wapi.

Tukafungua barua yetu wenyewe kwa `Show original`. Picha ya nukta moja ilikuwemo, na namba ya kila rafiki. Hatukuiweka kwa mikono yetu. Huduma huiweka yenyewe mpaka mwenye kutuma akatae. Ndani ya ukurasa wa kutayarisha barua palikuwa na kisanduku kidogo cha kufuatilia waliofungua, na kilikuwa kimewekwa alama tangu mwanzo. Tumeiondoa alama hiyo. Hatujapoteza kitu kikubwa: kwa kuwa Apple inaomba picha hata za barua ambazo hazikusomwa, hesabu yetu ilikuwa inawatia katika orodha ya wasomaji watu ambao hawakufungua chochote. Tangu sasa, tukitaka kujua kama rafiki amesoma, tutamwuliza.

Vikundi vingine vinavyotuma barua kwa njia hiyo tunawaomba watazame kisanduku hicho kabla ya barua inayofuata.

Mwenzetu alijiondoa siku ile ile ya kikao, akiwa amekaa kati yetu, picha zikiwa zimezuiwa. Barua moja zaidi ilikuja kesho yake, kisha zikakoma. Baada ya siku kumi na tisa duka likamjibu kwa maneno machache kwamba habari zake zimefutwa. Alituonyesha jibu hilo, kisha akalifuta nalo.

Kikao kijacho tutaacha nafasi mwishoni kwa yeyote anayetaka kusaidiwa kubadilisha ile sehemu ya picha. Uje na telefone yenye moto na neno lako la siri likiwa kichwani, usimtajie mtu. Kazi yenyewe haipiti dakika mbili.